Mchanga wa mita mbili

Je, rundo la mchanga lenye kimo cha mita 2 lina mchanga mara mbili ya rundo lenye kimo cha mita 1?

Hapana, lina mara nane. Nane hiyo inatokana na tabia moja ya mchanga ambayo kila fundi ameiona, hata kama hajaitilia maanani.

Mimina mchanga mkavu taratibu mahali pamoja. Rundo linapanda, kisha ubavu ukiwa mkali mno, chembe zinaporomoka hadi mteremko urudi palepale. Kwa mchanga mkavu mteremko huo hukaa karibu na nyuzi 34 kutoka usawa wa ardhi. Ukiongeza ndoo mia nyingine, rundo litapanuka na kupanda, lakini ubavu wake utabaki na pembe ileile.

Sasa fikiria umelikata rundo hilo katikati, kutoka kileleni hadi chini. Upande uliokatwa ni pembetatu. Ukilikata na rundo kubwa namna hiyohiyo, utapata pembetatu nyingine yenye pembe zilezile tatu. Pembetatu za aina hii tunasema zinafanana: moja ni nyingine iliyokuzwa bila kupindwa. Na pembe zikiwa sawa, pande haziwezi kukua kila moja kivyake. Kimo kikizidishwa kwa 2, kitako nacho kinazidishwa kwa 2, na ubavu pia. Namba hiyo moja inayozidisha kila urefu ndiyo kizidishio cha skeli.

Tuweke vipimo. Kwa mteremko wa nyuzi 34, rundo lenye kimo cha mita 1 lina nusukipenyo cha karibu mita 1.5, yaani kitako chake kina upana wa mita 3. Rundo la mita 2 lina kitako cha mita 6. Hapo ndipo jicho linapodanganyika, kwa sababu mtu anayetazama kwa mbali huona kimo peke yake na kusahau kwamba rundo limetanuka pia kushoto na kulia, mbele na nyuma.

Tuanze na eneo. Chukua ile pembetatu kubwa, tafuta nukta ya katikati ya kila upande, kisha uunganishe nukta hizo tatu kwa mistari. Pembetatu kubwa itagawanyika kuwa pembetatu ndogo nne zinazolingana kabisa, moja juu na tatu chini, na kila moja ni sawasawa na pembetatu ya rundo la mita 1. Ichore kwenye karatasi uhakikishe. Ukikuza kwa 3, utapata safu ya pembetatu moja, chini yake safu ya tatu, chini yake safu ya tano: jumla 9. Kwa 4 unaongeza safu ya saba, zinakuwa 16. Ndiyo maana eneo hukua kwa kipeo cha pili cha kizidishio.

Umbo likiwa na kingo za mviringo, kama kitako cha rundo letu, kanuni haibadiliki. Lijaze viraba vidogo mno. Ukilikuza mara mbili, kila kiraba kinarefuka mara mbili na kutanuka mara mbili, kwa hiyo kinafunika eneo mara nne. Kila kiraba kikiwa hivyo, jumla yao nayo ni hivyo, liwe umbo gani. Kitako cha rundo dogo kinachukua takribani mita za mraba 7, na cha rundo kubwa takribani 28. Turubai la kufunika ubavu ni vivyo hivyo: kama mita za mraba 8.5 kwa dogo, 34 kwa kubwa.

Kwa ujazo, badala ya viraba tumia vichemraba vidogo. Kila kichemraba sasa kina njia tatu za kukua: urefu, upana na kimo. Ukikuza kwa 2, ujazo wake unakuwa 2 × 2 × 2, yaani 8. Hesabu ya ujazo wa pia, ambalo ndilo umbo la rundo, inathibitisha: theluthi moja ya eneo la kitako mara kimo. Rundo dogo linatoa kama mita za ujazo 2.36, kubwa 18.85. Gawanya, utapata 8. Kwa hiyo turubai linahitajika mara nne tu ilhali mchanga ni mara nane, jambo linalompa nafuu mwenye rundo moja kubwa kuliko mwenye marundo manane madogo.

Upande wa pili wa kanuni hii huwashangaza wengi zaidi. Ukiuza nusu ya mchanga, na ukalimwaga upya lililobaki liwe rundo zuri, kimo hakishuki hadi mita 1. Tunatafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara tatu inatoa nusu, nayo ni karibu 0.79. Kimo kitakuwa karibu mita 1.6. Na rundo likishuka hadi mita 1, kilichobaki ni sehemu moja tu kati ya nane.

Kimo chenyewe utakipimaje bila kupanda juu na kulibomoa? Pembetatu zinazofanana zinasaidia tena, safari hii kwa kivuli. Simamisha fimbo ya mita 1 pembeni. Tuseme kivuli chake kina mita 2. Wakati huohuo kivuli cha kilele cha rundo kinaishia mita 1 nje ya kitako. Usichukue hiyo mita 1 peke yake, maana ungepata kimo cha nusu mita. Kivuli kinapimwa kuanzia chini ya kilele, ambako ni katikati ya rundo, kwa hiyo ongeza nusukipenyo cha mita 3. Jumla ni 4, na nusu yake ni mita 2. Inasimuliwa kwamba Thales wa Mileto, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, alipima piramidi za Misri kwa vivuli. Naye ilimlazimu aongeze nusu ya upana wa kitako. Kumbuka tu kwamba kazi hii hufanyika asubuhi au jioni, kwani jua likiwa juu kuliko mteremko wa rundo, kivuli cha kilele hakitoki nje.

Mara nane inashika pale tu marundo mawili yanapofanana kweli. Mchanga wenye unyevu husimama wima zaidi, rundo lililoegemea ukuta ni kipande cha pia, na lori likimwaga huku linasogea linaacha tuta refu. Kuna njia rahisi ya kukagua: gawanya kimo kwa nusukipenyo katika kila rundo. Yote mawili yakitoa karibu 0.67, endelea na hesabu. Yakitofautiana, pima kila moja kivyake.

Na upime kwa uangalifu, hasa ukizungusha futi kamba kwenye kitako na kukadiria kimo kutokana na mteremko. Kosa nalo hupanda kwa kipeo cha tatu: ukizidisha mzingo kwa asilimia 10, utahesabu mchanga uliozidi kwa asilimia 33, yaani utalipia zaidi ya mita za ujazo 6 ambazo hazimo kwenye rundo la mita 2.