Je, wajua? Mistari ya chati ndiyo huandika maelezo ya kazi kabla ya visanduku

"Mkurugenzi amenitumia picha ya chati ya kampuni aliyoichora kwa kalamu kwenye karatasi. Anataka niandike maelezo ya kazi kwa kila kisanduku, lakini ndani ya visanduku kuna vyeo tu. Nitajuaje nani anafanya nini?"

Anza na mistari, vyeo viache kwanza. Kisanduku kilichoandikwa "Stoo" kinakupa neno moja tu. Mstari unaokiunganisha na "Fedha" unakupa habari nzima: nani humtuma mtunza stoo, nani humruhusu kwenda likizo, nani huulizwa mali ikipungua. Ukishaipata mistari yote sawasawa, fuatilia kazi moja halisi tangu mteja anapoagiza hadi anapolipa, uone inapita mikononi mwa nani. Kila inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hapo pana jukumu la anayetoa na jukumu la anayepokea, na sehemu kubwa ya maelezo ya kazi hutoka hapo.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya uchapishaji yenye visanduku tisa. Juu yuko Mkurugenzi. Chini yake kuna Mauzo, Uzalishaji, na Fedha na Utawala. Uzalishaji ina visanduku vitatu: Msanifu, "Mashine (2)" na Ukamilishaji, yaani wanaokata, kupanga na kujalidi. Stoo iko chini ya Fedha. Dereva yuko chini ya Mauzo, na pia ana mstari wa nukta unaotoka Stoo.

Kabla hujaandika sentensi yoyote ya kazi, chapisha picha hiyo, kipe kila kisanduku namba, kisha andika pembeni kila mstari unatoka namba ipi kwenda ipi. Halafu hesabu. Kama kila mtu ana bosi mmoja, mistari mizima lazima iwe pungufu ya visanduku kwa mmoja, kwa sababu kila kisanduku kina mstari mmoja wa kupanda juu isipokuwa cha mkuu wa wote. Visanduku tisa, mistari minane. Ukipata saba, kuna kisanduku kinachoelea. Ukipata tisa, ama kuna mtu mwenye mabosi wawili, ama umehesabu kitu ambacho si mstari.

Katika mfano wetu hesabu ya kwanza inatoka tisa. Mstari wa ziada unaonekana kati ya Uzalishaji na Stoo. Ukuze kwenye simu utazame ncha zake. Mstari uliochorwa huishia kwenye ukingo wa kisanduku. Huu unapita pembeni mwa Stoo na kuendelea hadi mwisho wa karatasi, upande wake mmoja una mwanga na mwingine una kivuli. Ni mkunjo wa karatasi. Kama usingehesabu, mtunza stoo angeandikiwa mabosi wawili, na siku ya kwanza wakitofautiana asingejua amsikilize nani.

Picha ina mitego mingine. Kisanduku kilicho pembeni kinaweza kuwa kimekatwa nusu, na penseli hafifu hupotea kabisa mahali mwanga ulipopiga. Usitegemee pia mahali kisanduku kilipokaa. Mchoraji akikosa nafasi husogeza kisanduku juu au chini, na mtu akaonekana amepanda cheo kumbe karatasi ndiyo iliyoisha. Mwaka 1855, Daniel McCallum aliyesimamia reli ya New York na Erie alitoa chati inayohesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa, na ndani yake uongozi wa juu umewekwa chini, kwenye shina, huku vituo na wafanyakazi wakipanda kama matawi ya mti. Ukubwa wa mtu, basi, usome kwenye mstari wake.

Baada ya hapo mrudishie mkurugenzi orodha ya mistari kwa maneno, si kwa picha: "Dereva anaripoti kwa Mauzo. Stoo inaripoti kwa Fedha na Utawala." Uongeze na maswali matatu ambayo chati haiwezi kujibu peke yake. La kwanza ni maana ya ule mstari wa nukta. Mara nyingi humaanisha mtu anapokea maelekezo ya shughuli fulani tu kutoka kwa asiye bosi wake, lakini kila mchoraji ana maana yake, na wengine huchora nukta kwa nafasi ambayo bado haijajazwa. La pili ni namba kwenye mabano: "Mashine (2)" ni watu wawili au mashine mbili? Kama ni watu wawili wanaofanya kazi ileile, waandikie maelezo mamoja, kwa kuwa maelezo ni ya nafasi na si ya mtu. La tatu ni kama kuna mtu mmoja anayekalia visanduku viwili. Hapo andika maelezo mawili tofauti hata kama atakayetia saini ni yuleyule, ili siku nafasi moja ikipata mtu wake, karatasi yake iwe tayari.

Sasa ifuate kazi yenyewe. Mteja anaagiza vitabu 500 vya risiti. Mauzo wanaandika oda: ukubwa, idadi, rangi, namba za kuanzia, tarehe ya kukabidhi. Msanifu anapanga kurasa na kutoa sampuli. Nani anaipeleka kwa mteja aikague na kuisaini? Kwenye chati haionekani, na mkurugenzi akiulizwa huenda akasema "wote wawili". Jibu hilo usiliandike. Jukumu la wote wawili kila mmoja humwachia mwenzake, na kosa la tahajia linachapwa kwenye vitabu vyote 500. Mwombe achague mmoja. Tuseme ni Mauzo, kwa sababu wao ndio wanaozungumza na mteja. Basi kwa Mauzo utaandika "hupata saini ya mteja kwenye sampuli", na kwa Mashine "haanzi kuchapa bila sampuli iliyosainiwa". Jambo moja limegusa karatasi mbili, na zinashikana.

Endelea. Stoo inatoa karatasi, Mashine wanachapa, Ukamilishaji wanakata na kujalidi, Dereva anapeleka, Fedha wanatoa ankara. Ukifika hapa rudi nyuma uulize: hizo karatasi za stoo zilinunuliwa na nani? Hakuna kisanduku cha Manunuzi. Hili hutokea sana kwenye kampuni ndogo, kwa sababu anayechora chati ndiye mara nyingi anayenunua, na haoni kama hiyo ni kazi ya mtu. Usibuni kisanduku kipya. Igawanye kazi hiyo kwa waliopo: Stoo inaomba, Mkurugenzi anaidhinisha, Fedha wanaagiza na kulipa, Stoo inapokea na kuhesabu.

Ukishaigawa hivyo, udhaifu wa chati unajitokeza. Anayelipa muuzaji ndiye bosi wa anayethibitisha kwamba mali imefika. Hata kama wote ni waaminifu, mmoja anaweza kumwambia mwenzake "saini tu, mzigo unakuja kesho". Huna haja ya kuibadili chati. Inatosha kuongeza mstari mmoja kwenye maelezo ya Uzalishaji: mara moja kwa mwezi, msimamizi huhesabu stoo pamoja na mtunza stoo na kupeleka hesabu kwa Mkurugenzi moja kwa moja.

Hivi ndivyo karatasi ya Stoo inavyoweza kusomeka:

Cheo: Mtunza Stoo
Anaripoti kwa: Msimamizi wa Fedha na Utawala
Anaowasimamia: Hakuna
Kwa nini nafasi hii ipo: Karatasi, wino na vifaa viwepo kazi inapoanza, na kila kinachoingia na kutoka kiwe na kumbukumbu.
Majukumu:
Huhesabu mzigo unaofika, huulinganisha na oda ya ununuzi na kusaini hati ya mapokezi.
Hutoa vifaa kwa fomu iliyosainiwa na Uzalishaji tu.
Huandika maombi ya ununuzi akiba inapofika kiwango cha chini kilichokubaliwa.
Humkabidhi Dereva mizigo ya wateja pamoja na hati ya kupelekea, na hupokea nakala iliyosainiwa na mteja.
Hushiriki hesabu ya mwisho wa mwezi pamoja na Uzalishaji.
Mamlaka: Anaweza kukataa mzigo uliopungua au ulioharibika. Hawezi kuagiza wala kulipa.

Majukumu ni matano tu, na yanatosha. Kila moja linaanza na kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kimefanyika au hakijafanyika. Mimi huogopa maneno kama "kusaidia", "kushughulikia" na "kuhakikisha" yakisimama peke yake. "Kushughulikia stoo" inaweza kuwa kufagia, inaweza kuwa kununua. Kipimo changu ni swali moja: baada ya mwezi, bosi wake ataonyesha karatasi gani au kitu gani kuthibitisha kwamba kazi ilifanyika? Kama hakuna, sentensi hiyo bado haijakamilika.

Ile sehemu ya mamlaka ndiyo waandishi wengi huiruka, na ndiyo inayookoa ugomvi. Dereva akiwa na mstari mzima kwa Mauzo na wa nukta kwa Stoo, andika wazi: ratiba ya safari na ruhusa ya likizo vinatoka Mauzo, upakiaji na hati za mizigo vinafuata maelekezo ya Stoo, yakigongana, Mauzo ndio wanaoamua. Bila sentensi hiyo ya mwisho, mstari wa nukta utatafsiriwa upya kila asubuhi na yule mwenye sauti kubwa.

Kuna mambo ambayo chati haina na wewe hupaswi kuyabuni: mshahara, saa za kazi, elimu na uzoefu unaohitajika. Acha nafasi yenye alama "ijazwe na Mkurugenzi". Ukijaza "shahada" kwa mtunza stoo kwa sababu umeiona kwenye mfano wa kampuni nyingine, unaweza kumfanya aliyepo kazini leo, mwenye miaka kumi ya kuijua stoo hiyo, aonekane hana sifa ya kiti anachokalia.

Karatasi zote zikishaandikwa, zipange mezani na uchore chati upya ukisoma kipengele cha "Anaripoti kwa" peke yake, bila kuitazama picha. Kisha soma "Anaowasimamia" na kulinganisha. Kama karatasi ya Uzalishaji inataja wasaidizi watatu, lazima visanduku vitatu vitaje Uzalishaji kama bosi. Mchoro wako ukifanana na picha, kunja jamvi, kazi imekwisha. Usipofanana, kosa liko kwenye karatasi ambayo mstari wake hauna mwenzake, na utaiona mara moja.