Borohaidridi au alumini haidridi? Funzo kutoka kwa dawa ya malaria

Vidonge vya dawa mseto vinavyotolewa kwa wagonjwa wa malaria kwenye zahanati zetu vina artemetha ndani yake, na artemetha hutengenezwa kutokana na artemisini, kemikali inayokamuliwa kwenye majani ya pakanga, yaani Artemisia annua. Mmea huu hulimwa Kenya, Tanzania na Uganda pia. Kati ya artemisini na artemetha kuna hatua moja ya kemia inayostahili kuangaliwa kwa makini. Ndani yake mtu anaona wazi kwa nini maabara huweka chupa mbili za haidridi rafuni badala ya moja, na kwa nini kuchagua chupa isiyofaa kunaiharibu dawa kabla haijazaliwa.

Molekuli ya artemisini ina sehemu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni laktoni, yaani esta iliyojifunga ikawa pete. Ya pili ni daraja la peroksidi, atomu mbili za oksijeni zilizoshikana. Daraja hilo ndilo linaloua vimelea: chuma kilichomo ndani ya kimelea hulivunja, na vipande vinavyozaliwa hapo hushambulia protini zake. Bila peroksidi, molekuli haina kazi tena dhidi ya malaria. Mkemia anataka kuipunguza laktoni kwa kuipa haidrojeni, ili iwe laktoli yenye kikundi cha OH ambacho baadaye kitavishwa methili. Wakati huohuo peroksidi ibaki kama ilivyo. Kazi hii ilifanywa kwa mara ya kwanza na kikundi cha Tu Youyou nchini China mwaka 1973, kwa kutumia sodiamu borohaidridi. Zao lake linaitwa dihidroartemisini. Bi Tu alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Sodiamu borohaidridi, NaBH4, na lithiamu alumini haidridi, LiAlH4, zina uzito wa moli unaokaribiana sana, gramu 37.8 na 38.0, na kila moja hubeba haidridi nne. Haidridi ni haidrojeni iliyobeba elektroni mbili, inayotafuta kaboni yenye upungufu wa elektroni. Kaboni ya kabonili, ile iliyoungana na oksijeni kwa kifungo maradufu, ni ya aina hiyo. Tofauti ya chupa hizi mbili iko kwenye kile kilichoishika haidrojeni. Alumini huvuta elektroni kwa nguvu ndogo kuliko boroni, kwa hiyo haidrojeni iliyo kwenye alumini hutoka kwa urahisi zaidi. Ioni ya lithiamu nayo hushika oksijeni ya kabonili na kuizidishia kaboni yake njaa ya elektroni. Sodiamu hufanya hivyo kwa udhaifu.

Upande wa pili wa hesabu ni kabonili yenyewe. Aldehidi ina kaboni iliyo wazi na yenye njaa, hivyo chupa zote mbili huigeuza kuwa alkoholi ya msingi kwa dakika chache. Ketoni imebanwa kidogo na vikundi viwili vya kaboni, lakini nayo hupunguzwa na zote mbili, ikawa alkoholi ya upili. Mpaka unaanzia kwenye esta. Oksijeni ya pili ya esta huichangia kaboni ya kabonili elektroni zake, na kaboni iliyokwisha kulishwa haina haraka ya kupokea haidridi. Borohaidridi ndani ya methanoli baridi huiacha esta ya kawaida karibu ilivyo. Alumini haidridi huivunja: sehemu iliyokuwa na kabonili huwa alkoholi ya msingi, na ile ya pili hutoka kama alkoholi nyingine.

Asidi ya kaboksili ina mkasa wake, nao huwachanganya wanafunzi wengi. Chukua asidi ya dihidroartemisini, isiyo sawa na ile dihidroartemisini tuliyoitaja, ambayo mmea wenyewe huigeuza kuwa artemisini kwa msaada wa mwanga na oksijeni. Ukiiongezea borohaidridi utaona mapovu, na ni rahisi kudhani kwamba asidi inapunguzwa. Sivyo. Mapovu ni gesi ya haidrojeni: haidridi imechukua protoni ya asidi na kuacha chumvi. Ioni ya kaboksileti iliyobaki ina chaji hasi, kwa hiyo haidridi ya boroni haiikaribii tena. Mwishoni, ukiongeza asidi kidogo, unapata kilekile ulichoanza nacho. Alumini haidridi nayo huanza kwa mapovu hayohayo na kupoteza haidridi moja kwenye protoni, lakini haiishii hapo. Huendelea kuishambulia ile chumvi, tena kwa kupashwa moto kwenye etha, hadi ipatikane alkoholi ya msingi. Anayepima kiasi cha LiAlH4 kwa ajili ya asidi lazima ahesabu haidridi tatu kwa kila kikundi, si mbili, vinginevyo asidi itabaki. Na hapo pete ya molekuli hii ina kifungo maradufu cha kaboni na kaboni ambacho hakiguswi na chupa yoyote kati ya hizi, kwa sababu hakina kaboni yenye njaa ya elektroni.

Sasa turudi kwenye artemisini, maana laktoni yake inaonekana kuvunja sheria tuliyoisema. Ni esta, na bado borohaidridi huipunguza kwenye barafu. Sababu ni umbo. Esta iliyo wazi hujipanga kwa namna inayoziruhusu oksijeni zake mbili kutulizana. Ikifungwa kwenye pete hulazimika kukaa kwa mpangilio mwingine usiotulia vizuri, na kabonili yake hubaki na njaa zaidi. Laktoni ya artemisini tena imezungukwa na oksijeni nyingine zinazovuta elektroni. Kwa hiyo sentensi ya vitabuni kwamba borohaidridi haigusi esta ichukuliwe kama kauli kuhusu kasi. Zipo esta zinazokwenda, na kadiri joto na borohaidridi vinavyozidi ndani ya methanoli, ndivyo nyingi zaidi zinavyokwenda.

Kwa kipimo cha maabara, gramu 2.82 za artemisini ni moli 0.010. Huyeyushwa au kutawanywa kwenye methanoli, takriban mililita 50, ndani ya chupa iliyozamishwa kwenye beseni la barafu na kukorogwa kwa sumaku. Kwa hesabu kavu, haidridi moja kwa kila molekuli inatosha, nayo ni kama gramu 0.1 tu ya borohaidridi. Lakini methanoli yenyewe huila borohaidridi na kutoa haidrojeni, kwa hiyo huwekwa ziada: moli 0.025, ambazo ni gramu 0.95. Huongezwa kidogokidogo kwa muda wa nusu saa, na kipimajoto kisipite nyuzi 5 za Selsiasi. Kila kijiko kinapoingia kuna mapovu. Yakituama, kijiko kingine huingia. Kazi yote hufanyika ndani ya kabati la kuvuta hewa, mbali na moto, kwa sababu ya hiyo haidrojeni.

Hapa ubaridi una kazi ya pili kupita usalama. Haidridi inapoingia kwenye laktoni, zao la kwanza ni laktoli iliyofungwa, ambayo haina kabonili tena. Laktoli hiyo ikifunguka hugeuka kuwa aldehidi, na aldehidi mbele ya borohaidridi haina pa kukimbilia: itakuwa alkoholi. Kwenye barafu pete hubaki imefungwa. Ukiacha mchanganyiko upate joto la chumba kwa masaa mengi, unaanza kuona mazao ya pembeni, na besi iliyojikusanya ndani ya methanoli huzidisha uharibifu.

Baada ya saa moja au mbili huchukuliwa tone na kuwekwa kwenye bamba la kromatografia kando ya tone la artemisini safi. Doa jipya hubaki chini zaidi, maana OH yake inashikwa na silika. Doa la artemisini likipotea, asidi ya asetiki huongezwa polepole, bado kwenye barafu, hadi karatasi ya pH ionyeshe karibu na 6 au 7. Kwa kipimo hiki ni kama mililita moja na nusu. Asidi kali kama haidrokloriki haifai hapa, kwa kuwa laktoli haiivumilii. Sehemu ya methanoli huvukizwa bila kupita nyuzi 40, maji baridi humiminwa, na unga mweupe hujitenga. Huchujwa, huoshwa kwa maji na kukaushwa. Zao kamili lingekuwa gramu 2.84. Unga huo ni mchanganyiko wa maumbo mawili yanayotofautiana kwa mwelekeo wa OH, na hilo si uchafu.

Je, lithiamu alumini haidridi ingefanya nini? Ingeifungua laktoni moja kwa moja hadi kwenye alkoholi mbili, na ingelivunja daraja la peroksidi njiani. Kifungo cha oksijeni na oksijeni ni dhaifu, na haidridi ya alumini hukikata. Unga mweupe ungepatikana vilevile, ila usingekuwa dawa.

Chupa hiyo nayo ina adabu zake. Haitumiki kwenye methanoli wala ethanoli, kwa sababu huwaka nazo. Hutumika kwenye etha au tetrahidrofurani iliyokaushwa kabisa, chini ya naitrojeni. Gramu moja ikikutana na maji hutoa takriban lita mbili na nusu za haidrojeni pamoja na joto la kuiwasha. Kuizima baada ya kazi, mchanganyiko hupozwa kwenye barafu, kisha kwa kila gramu ya LiAlH4 iliyotumika hudondoshwa mililita moja ya maji, mililita moja ya sodiamu haidroksidi ya asilimia 15, na mwishowe mililita tatu za maji. Ukifuata mpangilio huo, alumini hugeuka punje nyeupe zinazochujika. Ukimwaga maji kiholela unapata uji mzito ulioshika zao lako lote. Ikishika moto, mchanga mkavu ndio wa kutumia. Maji na kizimamoto cha kabonidaioksidi haviruhusiwi.

Kuhakikisha kilichosalia kwenye dihidroartemisini hakuhitaji mashine kubwa. Kwenye spektra ya infraredi, mstari wa laktoni ya artemisini ulio karibu na 1745 kwa sentimita hupotea, na mkanda mpana wa OH hutokea juu ya 3300. Hilo linathibitisha kwamba laktoni imepunguzwa, lakini halisemi lolote la uhakika kuhusu peroksidi. Kwa peroksidi, punje kidogo ya unga huyeyushwa kwenye asidi ya asetiki pamoja na potasiamu iodidi, kisha huongezwa wanga. Peroksidi huigeuza iodidi kuwa iodini, na wanga hugeuka buluu. Mirija mingine miwili ipimwe pembeni: mmoja wenye artemisini, ambao sharti uonyeshe buluu, na mmoja usio na kitu, kwa sababu hewa pekee huweza kuzalisha iodini kidogo ukisubiri mno. Na unga uwe umeoshwa vizuri kabla ya kipimo, maana borohaidridi iliyosalia huila iodini inayozaliwa, na mrija ukabaki bila rangi ingawa dawa ni nzima.