Bajaji iliyorudisha pesa kwenye daftari tu

Dada mmoja mwenye duka la nafaka Mbagala Rangi Tatu alinijia na kaunta buku, ukurasa wenyewe kaubana kwa kibanio cha nywele. Alikuwa na milioni 12 na njia mbili za kuziweka: bajaji ya kumpa dereva, au mashine ya kukoboa na kusaga kwenye fremu ya jirani. Pembeni mwa bajaji alikuwa amezungushia duara "miaka 2 na miezi 6". Pembeni mwa mashine, "miaka 3".

"Kaka, si jibu linajionyesha?"

Hesabu yake ilikuwa safi. Kipindi cha kurejesha mtaji hupatikana kwa kujumlisha pesa inayobaki mkononi mwaka hadi mwaka mpaka ifikie ulichotoa. Dereva angeleta hesabu ya 25,000 kwa siku. Kwa siku 300 ni milioni 7.5, na ukitoa matengenezo, bima na vibali inabaki milioni 6 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alikadiria milioni 4.5 kwa sababu chombo kinachoka, wa tatu milioni 3, na wa nne milioni 2 pamoja na bei ya kuuzia chakavu. Miaka miwili ya mwanzo inatoa milioni 10.5. Iliyobaki, milioni 1.5, ni nusu ya mapato ya mwaka wa tatu. Hapo ndipo duara lilipotoka.

Nikamuuliza: hizi milioni 12 zikibaki kwenye mahindi na mchele, zinakuzalia kiasi gani kwa mwaka? Akafikiri, akasema kama asilimia 20 baada ya kutoa gharama zote. Basi hiyo ndiyo bei ya kuzitoa dukani. Wengi wakisikia habari ya thamani ya pesa kwa wakati hukimbilia mfumuko wa bei, lakini hata bei zisingepanda kwa shilingi moja, pesa yake ingekuwa imeacha kazi nyingine iliyokuwa ikiifanya.

Kwa hiyo kila pesa ya baadaye tunaipunguza irudi kwenye thamani ya leo. Ya mwaka wa kwanza unaigawa kwa 1.2, ya mwaka wa pili kwa 1.2 mara 1.2, na kuendelea hivyo. Kwenye Excel, mwaka ukiwa safu ya A na pesa safu ya B, unaandika:

```
=B2/1.2^A2
```

Milioni 6 za bajaji zikawa 5. Milioni 4.5 zikawa 3.1, milioni 3 zikawa 1.7, na milioni 2 za mwisho hazikufika hata moja. Jumla ni kama milioni 10.8. Ile bajaji ya miaka miwili na nusu hairudishi mtaji kabisa!

Akabisha, na alikuwa na hoja: hesabu ya dereva huingia kila siku, haingoji Desemba. Nikarudia nikichukulia pesa yote imeingia katikati ya mwaka. Ikafika milioni 11.86. Bado pungufu.

Mashine alikuwa ameikadiria milioni 3 mwaka wa kwanza, 4 wa pili, kisha 5 kila mwaka. Kwa thamani ya leo, ukichukulia pesa inaingia mwisho wa mwaka kama tulivyofanya mara ya kwanza, inarudisha mtaji baada ya miaka 4 na miezi 8 na ushei. Ni mbali kuliko duara lake, ila inarudi.

Hapa ndipo watu huachia kalamu, na mimi huwazuia. Kipimo cha pili, cha kurejesha mtaji kwa thamani ya leo, kimeponya upofu mmoja wa kile cha kwanza, ule wa wakati. Upofu mwingine vipimo vyote viwili vinao: mtaji ukisharudi, haviangalii tena. Mashine ikisaga miaka kumi, jibu ni lilelile. Mota ikiungua mwaka wa sita ikahitaji kusukwa upya kwa milioni mbili, jibu ni lilelile pia. Ukitaka kujua mradi mzima unakuachia nini, jumlisha thamani ya leo ya miaka yote, gharama za uzeeni zikiwemo, kisha utoe mtaji. Kwa miaka sita, mota isipoungua, mashine ilimwachia kama milioni 2.3.

Mimi kipindi cha kurejesha mtaji nakitumia kwa swali jingine: pesa yangu itakuwa hatarini kwa muda gani, na nimeshika nini muda huo wote? Nikamwomba mkataba wa ile fremu. Ulikuwa wa miaka mitatu, hauna kipengele cha kuongeza muda. Mashine ikishafungwa kwenye zege na umeme wa njia tatu umevutwa, mwenye nyumba akipandisha kodi mwaka wa nne utamjibu nini?

Alikiondoa kile kibanio, akafunga daftari, akaenda kumtafuta mwenye nyumba kabla hajaulizia bei ya mota.