ufw inasema ALLOW, lakini pakiti haijafika kwenye seva

Wiki hii nimetumiwa tena picha ile ile ya skrini na mtu ambaye VPN yake ya WireGuard haiunganishi, poti yake ikiwa 51820: `51820/udp ALLOW Anywhere`, na chini yake, "Ukuta wa moto uko sawa, WireGuard ndiyo mbovu." Jamani, ufw ni ukuta wa moto wa ndani ya seva; huo ni mlango wa chumba. Geti la nje je?

Kwenye EC2 ya AWS, geti hilo ni Security Group. Liko nje ya mashine yako, kwa hiyo ufw hailioni wala haiwezi kulifungua. Ukiunda jipya, halina ruhusa hata moja ya kuingia. SSH inakubali kwa sababu poti yake, 22, uliiruhusu ulipokuwa unaunda seva.

Kinachonichosha zaidi ni huu ushahidi: "Nimepima kwa `nc -zvu`, imesema succeeded." Hii ni UDP, haina kupeana mikono kama TCP. nc ikituma na isirudishiwe kitu, inahesabu poti iko wazi. Geti likiitupa pakiti kimyakimya, nc itasema hivyo hivyo. Na WireGuard yenyewe, kwa makusudi, haimjibu mtu asiye na ufunguo sahihi. Kwa hiyo kimya hicho hakikuambii lolote.

Pima upande wa seva:

```
sudo tcpdump -ni any udp port 51820
```

Kisha washa VPN kwenye simu. tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla iptables haijaigusa, kwa hiyo hata ufw ingekuwa inazuia, ungeiona ikigonga: `UDP, length 148`. Ukiona 148, yaani ombi la simu la kuanza mazungumzo, zinaingia na hakuna 92, yaani jibu la seva, inayotoka, tatizo liko ndani: ufw au funguo. Usipoona kitu, pakiti haijafika, na kuhangaika na ufw ni kupoteza muda.

Kijana ninayefanya naye kazi aliniapia kwamba 51820 ameifungua pande zote mbili. tcpdump ikabaki kimya. Tukafungua Inbound rules pamoja: 51820 ipo kweli, ila Type ni Custom TCP. Tukaweka Custom UDP, tukahifadhi, bila kuwasha upya chochote. Simu ilikuwa bado inajaribu kila baada ya sekunde kama 5. 148 ikaingia, 92 ikatoka.

Hata hivyo, kimya cha tcpdump peke yake sikitegemei kuhukumu geti. Kuna mitandao ya simu na Wi-Fi za ofisini zinazozuia UDP njiani, na kwenye seva utaona kimya kile kile. Jaribu kwanza kwa mtandao mwingine. Kikiendelea, kagua Security Group, halafu Network ACL, kichujio cha subnet nzima, kama kuna aliyeibadilisha, maana hiyo haikumbuki mazungumzo: jibu linalotoka nalo linahitaji ruhusa yake.

Ukibaki na shaka, washa VPC Flow Logs, kumbukumbu za AWS za kilichokubaliwa na kilichokataliwa, usubiri dakika kadhaa. Ukikuta mstari wenye anwani ya simu yako, 51820 na neno `REJECT`, pakiti ilivuka mtandao wote ikakataliwa getini.