Ugumu wa maji: kuupima nyumbani kwa sabuni na karatasi ya rangi, kisha kuchagua hita ya shawa

Mtu wa Arusha akiona alama nyeupe kwenye bomba, neno la kwanza ni "maji yana chumvi". Fundi bomba naye atasema "maji magumu". Muuza vifaa atatoa kidude chenye namba, akichovye kwenye glasi na kusema "mia nne, mbaya sana hii". Watu watatu wanazungumzia vitu vitatu tofauti, na ukinunua hita kwa kufuata neno lisilo lake, unaweza kulia nayo kabla mwaka haujaisha.

Ugumu wa maji ni kiasi cha kalsiamu na magnesiamu kilichoyeyuka ndani yake, basi. Chumvi ya kawaida haimo kwenye hesabu hiyo, magadi hayamo, floraidi haimo. Madini hayo mawili yamepewa jina la pamoja kwa sababu ya tabia yao mbele ya sabuni: huikamata kabla haijatoa povu na kuigeuza kuwa mabonge meupe yanayoganda kwenye beseni. Yakipashwa moto, sehemu yake huganda kama chokaa ndani ya jagi la kuchemshia. Ugumu huandikwa kwa miligramu kwa lita, kana kwamba madini yote yangekuwa chokaa. Chini ya 60 maji ni laini, 61 hadi 120 ni ya wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Kile kidude cha muuza vifaa hupima jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka. Hakijui kutofautisha kalsiamu na magadi, kwa hiyo 400 yake haikwambii lolote kuhusu ugumu.

Kipimo cha sabuni ni rahisi, ila lazima kiwe cha sabuni ya mche, ile ya kufulia inayokatwa vipande. Sabuni ya unga na ile ya maji ya kuoshea vyombo mara nyingi zimetengenezwa zisijali ugumu, na zitakudanganya. Para sabuni ya mche upate kijiko kimoja cha chai, loweka kwenye robo lita ya maji ya mvua yenye uvuguvugu, acha usiku mzima, kisha mimina yale ya juu yaliyotulia. Chukua chupa mbili safi za nusu lita. Moja weka mililita 100 za maji ya mvua, nyingine mililita 100 za maji ya bomba. Tumia sirinji ya duka la dawa, bila sindano. Ongeza mililita moja ya maji ya sabuni, funga chupa, tikisa kwa nguvu, iache imelala kwa dakika chache. Povu likishuka, ongeza mililita nyingine. Endelea mpaka povu lifunike uso wa maji bila kupasuka. Magnesiamu hujibu polepole kuliko kalsiamu, hivyo povu linaweza kusimama kidogo kisha kuzama. Usitangaze ushindi mapema, tikisa tena uone.

Mimi nilipima maji ya nyumbani kwangu Arusha na maji ya kisima kirefu cha shangazi yangu, anayeishi tambarare upande wa chini wa Moshi. Maji ya mvua yalihitaji mililita 1. Ya kwangu yalihitaji 5, na povu lake lilikuwa zito, laini, la kuteleza mkononi. Ya shangazi yalikunywa 30, na muda wote chupa ilikuwa na mawingu meupe yanayoelea kama maziwa yaliyokatika. Ukitoa ile 1 ya maji ya mvua unabaki na 4 dhidi ya 29, yaani maji ya shangazi ni magumu mara saba hivi kuliko yangu. Kwa kufulia maana yake ni hii: ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa 250 humeza gramu 30 hivi za sabuni halisi kabla ya povu la kwanza, na yangu humeza gramu 4 tu. Shangazi alikuwa amelaumu sabuni miaka yote.

Sabuni inalinganisha, karatasi ya rangi inatoa namba. Karatasi hizi huuzwa kwenye vikopo kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea na matangi ya samaki. Tafuta zenye vibao viwili: GH, ambao ndio ugumu, na KH, ambao ni baikaboneti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Chota maji baridi kutoka bomba la kwanza, kabla hayajapita kwenye hita yoyote. Chovya sekunde moja, toa bila kukung'uta, subiri muda ulioandikwa kwenye kikopo, kisha soma kwenye mwanga wa mchana. Taa za njano hupotosha rangi. Ukisoma umechelewa, rangi huendelea kubadilika na namba inakuwa ya uongo. Kikopo kilichoachwa wazi bafuni kitupe, unyevu umeshaharibu karatasi. Namba zake pia huruka kwa hatua kubwa, pengine kutoka 50 hadi 120 moja kwa moja, na hapo ndipo sabuni inasaidia kujua uko upande gani.

Maji yangu yalikuwa GH kati ya 25 na 50, KH 240. Ya shangazi GH 250, KH 240.

Hapa ndipo maji yetu ya kuzunguka Meru na Kilimanjaro yanapohitaji kusomwa kwa makini. Kwenye miamba ya volkano maji huchukua sodiamu na baikaboneti kwa wingi, mara nyingi bila kalsiamu nyingi. Unapata maji laini yenye magadi: sabuni inatoka povu zuri, lakini ukiacha matone yakauke kwenye kioo, yanabaki meupe. Ni rahisi kuyatofautisha na chokaa. Paka weupe huo maji ya kawaida kwa kitambaa, subiri dakika moja, kisha sugua. Magadi huyeyuka na kuondoka. Chokaa hubaki imeng'ang'ania kama ukoko wa wali, na huachia tu kwa siki. Usianze na siki kupima, maana vyote viwili huchemka ndani yake.

Na GH ndogo isikufanye uamini maji ya kunywa. Kalsiamu huishika floraidi na kuitoa majini, kwa hiyo penye kalsiamu kidogo floraidi hupata nafasi ya kupanda. Ndiyo maana maji laini ya Arusha yanaweza kuwa yale yale yanayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Karatasi ya GH haipimi floraidi, sabuni haiipimi, na kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kipimo chake ni cha maabara ya maji. Kinachoipunguza ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Sasa hita. KH ikiwa sawa na GH au kubwa kuliko GH, karibu ugumu wote ni ule unaoganda maji yakipashwa moto. KH ikiwa ndogo kuliko GH, sehemu ya GH iliyozidi hubaki majini hata ukichemsha. Kwa shangazi, 240 kati ya 250 ni ya kuganda. Akipasha lita 100 kwa siku, maji hayo yana gramu 24 za chokaa zinazoweza kuganda. Hazigandi zote, ila kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyozidi kuganda. Hita yake ya tangi ilikuwa imewekwa kwenye alama ya mwisho. Fundi alipofungua kifuniko cha chini alitoa koili iliyovaa ganda nene kama kidole, na chini ya tangi vipande vilivyokuwa vikigonga kama kokoto. Ule mngurumo aliokuwa akiusikia kila asubuhi ulikuwa maji yanayochemka chini ya ganda hilo.

Kwa nyumba kama yake, chagua hita ya tangi ambayo koili yake hutoka kwa kufungua nati, na uombe kuiona kabla hujalipa. Weka joto kwenye nyuzi 55 hadi 60, usizidishe, na ifunguliwe isafishwe kila mwaka. Sola ya mirija ya kioo ambayo maji ya kuoga huingia moja kwa moja ndani ya mirija haimfai, kwa sababu chokaa itajaa humo. Sola ifaayo ni ile inayozungusha maji yake yenyewe na kupasha maji ya kuoga kupitia koili ya ndani.

Kwangu hesabu ni nyingine. Chokaa si tatizo, lakini magadi hupitisha umeme vizuri. Shawa za umeme za papo kwa papo ziko za namna mbili: zenye waya ulio wazi ndani ya maji, na zenye koili iliyofunikwa, ambazo madukani huitwa "za maji chumvi". Zinafanana kwa nje, na ya waya wazi ni nafuu. Kwenye maji yenye magadi au chumvi, umeme kutoka waya ulio wazi huvuja kupitia maji, na waya wenyewe huliwa. Kama ukioga unahisi mchomo ukigusa bomba, zima swichi kuu na usiitumie tena mpaka fundi umeme ahakikishe ethi. Nunua yenye koili iliyofunikwa, hata kama GH yako ni 25. Kwa uamuzi huu, kile kidude cha muuza vifaa kinafaa: kinaonyesha maji yanapitisha umeme kiasi gani.

Mashine ya kulainisha maji, ile ya kutiwa chumvi ya mawe, mimi sikuinunua. Kazi yake ni kubadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu, na kwangu kalsiamu ya kubadilishwa ni kidogo mno. Floraidi haigusi.

Kwa vifaa vidogo nitasema machache. Penye ugumu wa juu chukua kichwa cha shawa chenye vichomozo vya raba laini, kwa sababu chokaa hupasuka ukivisugua kwa kidole gumba. Koki inayofunga kwa washa ya raba utaitengeneza mwenyewe kwa gharama ndogo, wakati ile ya mkono mmoja ikikakamaa unabadilisha moyo wake mzima, yaani kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji, na uhakikishe duka lina moyo huo kabla hujainunua. Rangi nyeusi inaonyesha kila tone. Shangazi alichagua ya fedha isiyong'aa, na kila mwezi anafunga mfuko wa siki nyeupe kwenye kichwa cha shawa kwa nusu saa, anaondoa, kisha anafungulia maji ya moto kusukuma mabaki.