Msimu katika idadi ya oda: wiki ya sikukuu ilinganishwe na nini?

Msimu, kwa mtu anayehesabu oda, ni kupanda na kushuka kunakojirudia kwa sababu inayojulikana na kwa wakati unaoweza kutabirika. Mwisho wa mwezi watu wana mshahara, oda zinapanda. Januari ada za shule zimekula mifuko, zinashuka. Wiki ya Idi zinapaa, na siku chache baadaye simu inanyamaza. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonyesha kama biashara yenyewe inakua au inadorora. Ili ulione hilo, lazima kwanza uutoe msimu kwenye hesabu.

Tuchukue duka la mfano la nguo Dar es Salaam linalopokea oda kwa simu na mtandaoni: kanzu, mabaibui, madera, nguo za watoto. Sikukuu yake kubwa ni Idi el-Fitri, nayo ndiyo inayowapotosha wengi, kwa kuwa haikai pahala pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka. Tanzania ilisali Idi tarehe 22 Aprili mwaka 2023, tarehe 10 Aprili mwaka 2024, na tarehe 31 Machi mwaka 2025.

Sasa mwenye duka anafungua daftari na kufanya linalofanywa na wengi: anaweka tarehe 3 hadi 9 Aprili 2025 mkabala na tarehe hizohizo za 2024. Mwaka 2024 anaona oda 560, mwaka 2025 anaona 155. Anguko la asilimia 72! Lakini siku zile za 2024 zilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Idi, na za 2025 zilianza siku ya nne ya sikukuu, watu wakiwa wameshavaa walichonunua. Amelinganisha kilele na bonde.

Wengine hujirekebisha nusu. Wanatafuta wiki yenye Idi, Jumatatu hadi Jumapili, kila mwaka, na kuzilinganisha hizo. Hapo pia kuna shimo. Idi ya 2024 iliangukia Jumatano, kwa hiyo wiki yake ilikuwa na Jumatatu na Jumanne za manunuzi ya mwisho. Ya 2025 iliangukia Jumatatu. Wiki yake haikuwa na hata siku moja ya kabla ya Idi. Kilele chote kilibaki wiki iliyotangulia.

Dawa ni kuacha kuhesabu kwa tarehe na kuhesabu kwa umbali kutoka siku ya Idi. Siku ya Idi yenyewe iwe sifuri, siku moja kabla iwe −1, siku moja baada iwe 1. Kwenye jedwali la kompyuta, kama tarehe ya oda iko safu A na tarehe ya Idi ya mwaka huo iko kwenye F1, hesabu ni hii tu:

```
=A2-$F$1
```

Kisha unajumlisha oda za siku −7 hadi −1. Mwaka 2024 hizo ni tarehe 3 hadi 9 Aprili. Mwaka 2025 ni 24 hadi 30 Machi. Uzuri wa fungu la siku saba ni kwamba kila siku ya juma inaingia mara moja, kwa hiyo Jumamosi yenye oda nyingi haiwi mbili upande mmoja na moja upande mwingine. Hakikisha tu kwamba tarehe unayotumia ni ya mteja kuweka oda, si ya bodaboda kufikisha mzigo. Kipindi cha Idi mzigo huchelewa, na ukihesabu kwa siku ya kufikisha, sehemu ya kilele itahamia upande wa pili wa sikukuu.

Kwa duka letu la mfano, siku hizo saba zilileta oda 560 mwaka 2024 na 650 mwaka 2025. Ongezeko la asilimia 16, na wengi huishia hapo wakifurahi. Ila duka lenyewe lilikuwa limekua hata kwenye wiki zisizo na sikukuu. Je, Idi ilikua kuliko duka, au duka lilikua na Idi ikabaki nyuma?

Kulijibu hilo kunahitaji kiwango cha kawaida, yaani wiki isiyo na jambo huleta oda ngapi. Chukua wiki sita kabla Ramadhani haijaanza. Usichukue wiki za ndani ya mfungo. Hizo tayari zina msimu wake. Kwa Idi ya 2024 zinafaa wiki za kuanzia 22 Januari hadi 3 Machi, na kwa Idi ya 2025 za kuanzia 13 Januari hadi 23 Februari. Tuseme za 2024 zilikuwa na oda 188, 196, 205, 204, 310 na 196. Ile ya 310 ilikuwa wiki ya ofa ya nusu bei. Ukitafuta wastani unapata karibu 217, namba ambayo hakuna wiki ya kweli iliyoifanana: tano ziko chini yake na moja iko juu sana. Badala yake zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue iliyo katikati. Zikiwa sita, za katikati ni mbili, 196 na 204, na kati yake ni 200.

```
=MEDIAN(B2:B7)
```

Kiwango cha kawaida cha 2024 ni 200. Cha 2025, kwa njia hiyohiyo, tuseme ni 250. Gawanya oda za kabla ya Idi kwa kiwango cha mwaka wake: 560 kwa 200 ni 2.8, na 650 kwa 250 ni 2.6. Namba hiyo tunaweza kuiita kizidisho cha msimu. Inasema wiki ya mwisho kabla ya Idi ni sawa na wiki ngapi za kawaida. Duka lilikua kwa asilimia 25, kilele cha Idi kikakua kwa 16. Idi ya 2025 ilikuwa kubwa kwa hesabu ya oda na ndogo kwa kadiri ya duka.

Kabla ya kumlaumu mtu, pima kama tofauti hiyo ni ya kweli. Kama kizidisho kingebaki 2.8, tungetarajia oda 700. Tulipata 650, pungufu 50. Hesabu za oda huyumba zenyewe hata kusipotokea kitu, na kwa makadirio ya haraka uyumbaji huo ni kipeuo cha pili cha namba yenyewe: kwa 700 ni kama 26. Pungufu la 50 ni karibu mara mbili ya hapo, la kutosha kuchunguzwa ila halijathibitisha kitu. Duka lenye oda 20 kwa wiki lisihangaike na tofauti ya 2.8 na 2.6 hata kidogo.

Mahali pa kwanza pa kuchunguza ni stoo. Angalia siku −2 na −1 saa kwa saa. Kama oda za kanzu za watoto zilikuwa zinakuja mfululizo kisha zikakatika ghafla saa nane mchana na hazikurudi, saizi ziliisha. Wateja walikuwepo, daftari linaandika kilichouzwa, si kilichotafutwa. Hali ni hiyohiyo kwa oda za mikoani zinazosafiri kwa basi: zenyewe hukoma siku kadhaa kabla ya Idi, kwa hiyo zihesabu peke yake, la sivyo ukibadilisha siku ya mwisho ya kuzipokea utadhani msimu umebadilika.

Jambo la pili linalochafua hesabu ni sikukuu nyingine kuingia ndani ya dirisha lako, yaani siku unazolinganisha. Pasaka ya 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, siku kumi tu kabla ya Idi. Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka zote ziliangukia wiki ya pili kutoka Idi, siku −14 hadi −8. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa 20 Aprili, karibu wiki tatu baada ya Idi. Ukilinganisha wiki ya pili ya miaka hiyo miwili kwa duka zima, nguo za watoto za Pasaka zitaivimbisha 2024. Hapo tenganisha kwa aina ya bidhaa: kanzu na mabaibui ya Idi hayachanganyiki sana na Pasaka, magauni ya watoto yanachanganyika, na hayo uyaachie alama ya tahadhari.

Swali jingine ni kama sikukuu inaongeza oda au inazisogeza tu. Mtu aliyenunua dera tarehe 28 Machi hatanunua jingine tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo tazama dirisha pana, wiki tatu kabla na mbili baada, siku ya Idi ikihesabiwa upande wa baada. Mwaka 2025 duka letu lilipata 290, 420 na 650 kabla, kisha 140 na 200. Jumla ni 1,700. Wiki tano za kawaida zingeleta 1,250. Faida halisi ya Idi ni oda 450, ingawa wiki tatu za kabla peke yake zinaonyesha ziada ya 610. Zile 160 zilikuwa zimekopwa kutoka wiki zinazofuata, na mwenye duka anayeagiza mzigo mpya wiki ya Idi kwa kuangalia kilele atakaa nao.

Kizidisho hutumika pia kutabiri. Kiwango cha kawaida kikiwa 270 na kizidisho ukikadirie 2.7, andaa mzigo wa oda 730 hivi kwa siku saba za mwisho. Lakini siku hizo zenyewe hujulikana usiku wa mwezi 29 tu. Mwezi usipoonekana Ramadhani hukamilisha 30, na duka linapata siku moja zaidi ya pilikapilika. Panga wafungashaji na bodaboda kwa siku zote mbili, na ukiwa unaandika rekodi baadaye, sifuri iwe siku watu waliyosali kweli, si ile iliyochapwa kwenye kalenda.

Na kiwango cha kawaida chenyewe kitahama. Ramadhani inavyozidi kurudi nyuma, wiki sita kabla yake zinaingia Januari, kisha Desemba kwenye Krismasi. Mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa miaka hiyo chukua wiki za kawaida kutoka Septemba na Oktoba, na uzitumie kwa miaka yote unayolinganisha, hata ile ambayo uliwahi kuihesabu kwa Februari.