Pumzi za mwisho: ishara ambazo mwanafunzi wa uuguzi huzisoma vibaya

Mgonjwa wa kwanza kufariki mbele yangu alikuwa mama mzee ambaye moyo wake ulikuwa umeshindwa kusukuma damu. Nilikuwa mwanafunzi, zamu ya usiku. Daktari na familia walikuwa wameshakubaliana, na faili lilieleza wazi, kwamba moyo ukisimama hatakandamizwa kifua. Kazi iliyobaki ilikuwa kumtunza asiumie. Kila kilichotokea usiku ule kina sababu yake mwilini, na karibu kila kitu nilikisoma vibaya mara ya kwanza. Naandika kwa ajili ya anayesubiri zamu yake ya namna hiyo.

Saa nne usiku alianza kupumua kwa mtindo usio wa kawaida. Pumzi ndogo, kisha kubwa zaidi, kisha kubwa sana, halafu zinapungua tena mpaka zinakatika. Kimya. Nilihesabu kwa saa ya mkononi: sekunde 20. Halafu mzunguko unaanza upya. Upumuaji huu unaitwa Cheyne-Stokes, kwa majina ya madaktari wawili wa karne ya 19 walioueleza. Ubongo hupima hewa chafu, yaani kabonidioksidi, iliyomo kwenye damu, na kwa kipimo hicho huamua upumue kwa kasi gani. Moyo ukiwa dhaifu, damu huchelewa kufika kwenye ubongo, kwa hiyo amri hutolewa kwa kufuata habari iliyokwisha kupitwa. Mgonjwa anapumua kupita kiasi, hewa chafu inashuka mno, ubongo unanyamaza. Hewa chafu inarundikana tena, ubongo unashtuka. Mgonjwa aliyefikia hapo kwa kawaida hana fahamu za kutosha kuhisi ile kimya kama kukabwa. Ukitaka kujua kama anateseka, usitazame pumzi, tazama uso: paji limekunjamana? Mikono inang'ang'ania shuka? Anaguna anapoguswa? Kama uso umetulia, yeye ametulia. Kama haujatulia, mwite muuguzi wa zamu mara moja, kwa sababu dawa za kuondoa maumivu na kukosa pumzi huwa zimeshaandikwa na hazipaswi kusubiri asubuhi.

Baada ya saa sita usiku ulianza mkoromo. Huu ndio unaowavunja moyo jamaa kuliko kitu kingine, na binti yake aliniuliza, "Sista, mama anazama?" Sauti ile ni ya mate na ute uliotulia kooni kwa sababu mgonjwa hawezi tena kumeza wala kukohoa. Hewa ikipita juu yake, inakoroma. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye mpira wa kufyonza makohozi, na muuguzi wa zamu akaushika mkono huo. Mpira unaoingizwa ndani ya koo unalichokoza koo, nalo hutoa ute zaidi. Pia unaweza kuamsha kichefuchefu kwa mtu asiyeweza kujikinga. Tulichofanya ni kumlaza ubavu, mto nyuma ya mgongo, kichwa cha kitanda kikiinuliwa kidogo, ili ute utiririke kuelekea shavuni, kisha tukaufuta kwa kitambaa. Baada ya dakika chache sauti ilipungua, ingawa haikwisha. Kuna dawa ya sindano ya kukausha ute, lakini inazuia ule utakaotoka baadaye na haiondoi uliokwisha kujikusanya, kwa hiyo ikichelewa haina kazi kubwa.

Mdomo unahitaji uangalizi kuliko tunavyofundishwa. Mtu anayepumua kwa mdomo wazi hukauka ulimi ndani ya muda mfupi, ukapasuka. Sifongo laini iliyoloweshwa maji na kukamuliwa vizuri, kila saa moja au mbili, ipite kwenye ufizi, ndani ya mashavu na juu ya ulimi. Usimwage maji mdomoni hata jamaa wakikusihi, maana yataingia kwenye mapafu. Wape hiyo sifongo wenyewe. Binti aliyekuwa amesimama mlangoni usiku kucha alipewa sifongo, akaketi kitandani, na hakuondoka tena.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa presha. Niliendelea kumfunga mkanda wa presha kila saa kwa kuwa chati ilikuwa na visanduku vya kujazwa. Vidole vilikuwa baridi, magoti yana mabaka ya zambarau, kifaa cha kidoleni hakisomi, mapigo ya kifundo cha mkono hayapatikani. Haya yote yanatokana na jambo moja: damu inaacha ngozi na viungo vya mbali, inabaki katikati ya mwili. Namba haikuweza kubadilisha lolote tutakalofanya, na mkanda ulikuwa unambana mkono. Muulize anayekusimamia kama vipimo vimesitishwa, na kama havijasitishwa, vinapimwa kwa ajili ya uamuzi gani.

Karibu na saa kumi alfajiri vituo kati ya pumzi vilikuwa vimefika karibu dakika nzima. Kisha taya likawa ndilo linalosogea, kifua hakiinuki. Hapa usiharakishe kusema. Nilidhani amefariki mara mbili, na mara zote mbili akavuta pumzi nyingine. Kuthibitisha kifo si kazi ya mwanafunzi, na kila mahali pana kanuni zake kuhusu nani anaruhusiwa, ila tazama kwa makini kunavyofanyika: mapigo ya shingoni, sauti ya moyo kwa stetoskopu, pumzi, na mboni za macho mbele ya tochi. Uangalizi huu huchukua angalau dakika 5 mfululizo, na pumzi moja tu ikitokea, saa inaanza upya. Ukigusa shingo usitumie kidole gumba, utahisi mapigo yako mwenyewe.

Kisha maneno. Kiswahili kina njia nyingi za upole: amepumzika, ametutoka, ametangulia. Kwa mtu ambaye hajalala siku mbili, "amepumzika" ina maana moja tu, kwamba sasa amepata usingizi. Nimeona jamaa akiitikia kwa kichwa kisha akauliza ataamka saa ngapi. Muuguzi alimwambia binti, "Dada, mama amefariki," akanyamaza, akabaki ameketi pale.

Mwili haukimbizwi. Mnyooshe chali ukiacha mto mmoja chini ya kichwa, maana ukimlaza bapa damu hushukia usoni na kuubadilisha rangi. Funga kope kwa kuzishikilia taratibu nusu dakika hivi. Rudisha meno bandia na kunja taulo chini ya kidevu mapema, kwa sababu ugumu wa misuli huanzia kwenye kope na taya ndani ya saa chache, na ukichelewa mdomo hautafungika. Kama kifo kitachunguzwa, mipira na sindano havitolewi. Uliza familia kuhusu kuosha: huenda ni wajibu wa watu fulani tu, na si wako.

Unapomgeuza ili umfute mgongo, hewa iliyobaki mapafuni hutoka, na hutoa sauti kama ya kuugua au kupumua. Mimi niliachia shuka. Ni hewa tu, kifua kimebanwa na uzito wake, lakini kwa mtoto wake anayesikiliza ni mama anayerudi. Mweleze kabla hujamgeuza.